Rafiki Aliyebaki Nyumbani

Nikipewa insha ya riwaya iliyogawa wahusika katika safu mbili, huku "mkali" na kule "mpole", huku "jasiri" na kule "mwoga", huwa naiweka kando kwanza nikamalizia chai yangu. Najua nitakachokikuta. Mwandishi ameambiwa ajadili jinsi mhusika fulani anavyomkamilisha mhusika mkuu kwa kuwa kinyume chake, naye ameelewa kuwa kazi ni kutafuta sifa zinazopingana na kuzipanga. Anazipanga vizuri, anaongeza dondoo mbili tatu, anafunga. Hakuna kosa la sarufi. Ila ukimaliza kusoma humjui mhusika mkuu zaidi ya ulivyomjua ulipoanza.

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikikaa na wasomaji siku za Jumamosi katika maktaba ya Kaloleni, ile ndogo iliyo tawi la McMillan, kando ya Barabara ya Jogoo, Nairobi. Hatuna jina wala ada. Wako wanafunzi wa vyuo wanaoandika insha za fasihi, wako watu wazima wanaorudia mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kibinafsi, na wako wanaokuja kwa kuwa nyumbani kuna kelele. Vitabu vyetu vingi vimetoka kwenye "inama bukshop", maana katikati ya mji vitabu vya mitumba hutandazwa chini nawe unainama kuchagua. Ndiyo maana hakuna nakala mbili zenye chapa moja, na ukitaja nambari ya ukurasa unazua ugomvi. Tumezoea kutaja sura.

Suala hili la mhusika kinyume nimelifundisha kwa riwaya nyingi, lakini nimeishia kurudi kwenye moja kila mara: ile ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama Shujaa Okonkwo. Sababu ni Obierika, rafiki wa Okonkwo, mhusika mkuu. Katika riwaya zote nilizosoma na watu hawa, sijaona rafiki aliyewekwa kwa hesabu kali kama yule.

Nianze na binti mmoja wa chuo aliyekuja na insha yake mwaka juzi. Swali lake lilikuwa jinsi mwenza wa kinyume anavyomfanya mhusika mkuu aonekane waziwazi zaidi. Alikuwa amechagua riwaya hiyo, lakini mhusika kinyume wake alikuwa Unoka, babake Okonkwo. Hoja ilikuwa inaeleweka. Unoka ni mvivu, mwanawe mchapakazi. Unoka ana madeni, mwanawe ana ghala. Unoka anapenda filimbi na maongezi, mwanawe anapenda mieleka na vita. Unoka anakufa bila cheo hata kimoja, na maradhi ya kuvimba yanamfanya atupwe Msitu wa Uovu bila kaburi. Kila sentensi ilikuwa kweli, na kila moja ilikuwa na kinyume chake mstari wa chini.

Nilimuuliza swali moja: baada ya kusoma haya yote, tumejua nini kuhusu Okonkwo ambacho msimulizi hakuwa ametuambia mwenyewe? Maana msimulizi wa Achebe hafichi. Mapema kabisa, katika sura ya pili, anasema waziwazi kwamba maisha yote ya Okonkwo yalitawaliwa na hofu, hofu ya kushindwa na ya kuonekana dhaifu, na kwamba mzizi wake ni kumwogopa babake ndani ya nafsi yake. Kumleta Unoka ni kurudia alichosema msimulizi kwa maneno mengine. Unoka anatueleza Okonkwo ametoka wapi. Hicho ni kisababishi, na insha ina nafasi yake, lakini hakijibu swali aliloulizwa.

"Lakini Mwalimu," akasema, "hakuna aliye kinyume cha Okonkwo kumliko Unoka."

Hapo ndipo lilipo tatizo lenyewe. Unoka yuko kinyume kwa kila kitu, na mtu aliye kinyume kwa kila kitu hakuonyeshi chochote hasa. Ukimlinganisha maskini mvivu na tajiri mchapakazi, wakatenda tofauti, utajuaje tofauti ilitokana na nini? Huenda ni uvivu, huenda ni umaskini, huenda ni umri. Ni kama kununua vitenge viwili vya rangi tofauti, kitambaa tofauti na duka tofauti, kisha ukataka kujua ni kipi kati ya hivyo kilichofanya kimoja kichuje.

Aliyeliona hili upesi kuliko sisi sote alikuwa fundi mmoja anayetengeneza masanduku ya bati Kamukunji. Mikono yake ina makovu ya kukatwa na bati na huwa anasoma akifuata mstari kwa kidole. Alisema, "Huyu Obierika na Okonkwo wana mali sawa." Wenzake wakacheka kidogo, lakini akaendelea kuhesabu. Obierika ana ghala la viazi vikuu. Ana cheo cha ozo. Ana mwana, Maduka, aliyeshinda mieleka mbele ya kijiji kizima. Anamwoza binti yake Akueke kwa mahari ya magunia ishirini ya kauri, na wanajadiliana kwa vijiti kiungwana, bila kelele. Ni rika la Okonkwo, wa kijiji kile kile, mungu wake ndiye mungu wa Okonkwo, na hata alipoulizwa kama anaogopa damu alijibu kwamba anayesema hivyo anasema uongo. Hakuna anayemwita mwanamke. Kila kitu ambacho Okonkwo anakihangaikia ili asifanane na babake, Obierika anacho, na hahangaiki.

Ndipo binti akafuta kichwa cha insha yake kwa kalamu.

Nimekuja kuamini, baada ya kuyasoma haya na watu wengi, kwamba mwenza wa kinyume anapimwa kwanza kwa yale anayofanana na mhusika mkuu. Mwandishi mzuri anawafanya sawa mahali pengi kadiri inavyowezekana, halafu anaacha jambo moja litofautiane, kisha anawaweka wote wawili mbele ya tukio moja. Mbele ya tukio hilo tofauti haina mahali pa kujificha. Kwa hiyo mwanafunzi anayetafuta mhusika wa kuandikia nampa kazi ya kuchosha kidogo: achukue penseli, apige mistari, na kabla ya sifa zozote aandike mambo ambayo wahusika wawili wanashiriki. Orodha ikiwa fupi, amechagua vibaya. Ikiwa ndefu, atafute tukio lililowakuta wote wawili.

Kwa Okonkwo na Obierika tukio hilo ni kifo cha Ikemefuna.

Wasiosoma riwaya wanahitaji haya tu. Ikemefuna ni kijana aliyetolewa na kijiji jirani kama fidia, akawekwa nyumbani kwa Okonkwo kwa miaka mitatu, akamwita baba. Siku ikafika mzimu ukatoa kauli kwamba auawe. Mzee Ezeudu akaja kumwonya Okonkwo asitie mkono katika kifo hicho, kwa kuwa kijana anamwita baba. Okonkwo akaenda pamoja na wanaume. Njiani kijana akapigwa panga, akakimbilia kwa Okonkwo akilia kwamba baba, wameniua, na Okonkwo akachomoa panga lake akammaliza. Msimulizi anatoa sababu kwa sentensi fupi: aliogopa kuonekana dhaifu.

Wanafunzi wengi wakifika hapa wanaandika kwamba Okonkwo ni katili. Wengine, wenye huruma zaidi, wanaandika kwamba hakuwa na budi kwa kuwa mzimu ulikuwa umeamua. Wote wawili wamekwama mahali pamoja, kwa sababu wakiwa na Okonkwo peke yake hawana namna ya kujua kama mtu mwingine wa Umuofia, ukoo wao, mwenye imani ile ile, angeweza kutenda vingine. Huenda desturi ndiyo iliyomwua kijana. Huenda ni Okonkwo. Sura ya saba haiwezi kuamua.

Sura ya nane inaamua, na inaamua kwa utulivu mkubwa. Okonkwo amekaa siku mbili bila kula, anakunywa tu. Halafu anajikaza, anakwenda kwa rafikiye. Anamkuta ameketi chini ya mchungwa akishona makuti ya mwale ya kuezekea. Mimi husimamisha usomaji hapo kila mara. Achebe angeweza kumweka Obierika popote. Amemweka akifanya kazi ya nyumba, taratibu, huku mwenzake akiwa hajalala. Wanazungumza juu ya Maduka na mieleka. Okonkwo analalamika kwamba Nwoye, mwanawe, amechukua sana upande wa mamake. Obierika anawaza kimoyomoyo kwamba amechukua sana upande wa babu yake, lakini hasemi. Na papo hapo wazo hilo hilo linampitia Okonkwo mwenyewe, naye analifukuza.

Kisha Okonkwo anauliza kilichomleta: kwa nini ulikataa kuja nasi kumwua yule kijana?

Obierika anajibu kwamba hakutaka, na alikuwa na kazi bora ya kufanya. Okonkwo anamwambia anasikika kama mtu anayehoji mamlaka ya mzimu. Obierika anakana: hahoji, kwa nini ahoji? Ila mzimu haukumwagiza yeye atekeleze. Okonkwo anasema lazima mtu afanye, na kama wote wangeogopa damu ingekuwaje. Obierika anasema haogopi damu, halafu anaongeza kwamba kitendo kile hakitaipendeza ardhi, ni cha aina ambayo mungu wa ardhi huangamizia ukoo mzima. Okonkwo anajitetea kwa methali ya kwao: vidole vya mtoto haviungui kwa kipande cha kiazi cha moto anachowekewa kiganjani na mamake. Obierika anakubali kwamba ni kweli, halafu anasema neno ambalo kwangu ndilo kiini cha sura nzima: lau mzimu ungesema mwanangu auawe, nisingebisha, na wala nisingekuwa mimi wa kumwua.

Yule binti aliandika aya tatu juu ya mazungumzo haya na zote zilikuwa zimepooza, kwa sababu alikuwa bado anamsifu Obierika. Mwenye busara, mwenye huruma, mwenye utu. Nilimwomba ageuze macho. Insha inamhusu Okonkwo, basi kila jibu la Obierika lisomwe kama swali linalomwelekea Okonkwo. Obierika anamwamini mzimu, basi imani haikumlazimisha Okonkwo kushika panga. Obierika haogopi damu, basi ushujaa nao haukumlazimisha. Obierika amebaki nyumbani na hakuna aliyemcheka, wala hakupoteza cheo, basi hata fedheha ya kijiji haikuwapo. Milango yote aliyodhani imefungwa ilikuwa wazi. Kilichobaki ni ile hofu yake mwenyewe.

Aliandika upya, na aya aliyoileta Jumamosi iliyofuata niliinakili daftarini kwangu kwa ruhusa yake:

"Obierika anabaki nyumbani siku ambayo Ikemefuna anauawa, na kubaki kwake hakumgharimu chochote. Kwa kuwa ana cheo, ana mali na anaiheshimu kauli ya mzimu kama Okonkwo, anatuonyesha kwamba Umuofia ilimruhusu mwanamume wa hadhi asishiriki. Kwa hiyo Okonkwo hakumwua kijana kwa kulazimishwa na desturi. Alitumia desturi kuficha woga ambao desturi yenyewe haikumdai."

Sentensi ya mwisho ni yake kabisa. Niliisoma kwa sauti na fundi wa Kamukunji akapiga meza.

Tazama aya hiyo ilivyojengwa. Huwezi kuikata vipande viwili, kimoja cha Obierika na kingine cha Okonkwo, kila kimoja kikasimama peke yake. Hicho ndicho kipimo ninachotumia nikisahihisha. Aya dhaifu za mlinganisho zinakatika: nusu ya kwanza inamweleza mmoja, katikati kuna "ilhali" au "kwa upande mwingine", nusu ya pili inamweleza wa pili. Ukiifuta nusu moja, nyingine haijeruhiki. Aya nzuri ikikatwa inavuja, kwa kuwa hoja juu ya mhusika mkuu imepitia kwa mwenzake. "Ilhali" si neno baya, lakini nikiliona katika kila aya nashuku.

Kuna kipimo cha pili, nacho kinahusu riwaya. Mwondoe mwenza kwenye kitabu uone ni nini kinachoporomoka. Ukimwondoa Obierika, ploti haitikisiki sana. Ikemefuna atakufa vilevile, bunduki itapasuka vilevile kwenye mazishi ya Ezeudu, wamisionari watafika. Kinachopotea ni uwezo wetu wa kumhukumu Okonkwo kwa vipimo vya watu wake mwenyewe. Bila Obierika, msomaji wa Nairobi wa leo angemhukumu kwa vipimo vya Nairobi, au angeogopa kumhukumu kabisa akisema hizo zilikuwa mila zao. Nimesoma insha nyingi za aina zote mbili. Obierika ndiye anayetuzuia tusifanye uvivu huo.

Kabla hatujaondoka kwenye sura hiyo ya nane, kuna kipande kidogo ambacho wasomaji hukiruka. Mtu anaingia na habari kwamba mzee Ndulue amefariki, na mkewe Ozoemena, aliposikia, naye akafa siku hiyo hiyo. Obierika anasema ilijulikana tangu zamani kwamba wawili hao walikuwa na nia moja, na kwamba mzee hakufanya jambo bila kumwambia mkewe. Okonkwo anashangaa. Anasema alidhani mzee yule alikuwa mtu wa nguvu ujanani. Wanamjibu kwamba alikuwa, na Obierika anaongeza kwamba aliiongoza Umuofia vitani. Okonkwo anatikisa kichwa kwa mashaka. Hapo hakuna damu wala panga. Ni wanaume wachache wakizungumzia mazishi, na mmoja wao hawezi kuyaweka mapenzi na nguvu ndani ya mtu mmoja. Ningekuwa na nafasi ya dondoo moja tu katika insha yote, ningechukua hilo badala ya kifo cha kijana.

Sasa, upande wa pili. Ukishampenda Obierika ni rahisi kumfanya malaika, na insha inaharibika kwa njia nyingine. Kwenye kikao chetu aliyetuzindua ni mama mmoja anayerudia mtihani, mwenye kibanda cha mboga Makadara. Alisoma sura ya kumi na tatu na kufunga kitabu kwa nguvu. "Huyu rafiki yenu ndiye aliyechoma nyumba."

Ni kweli. Bunduki ya Okonkwo imepasuka mazishini na kumwua mwana wa Ezeudu, kijana wa miaka kumi na sita, kwa bahati mbaya. Adhabu ni kuhama kwa miaka saba. Usiku ule Obierika na marafiki wengine wanabeba viazi vya Okonkwo, safari baada ya safari, hadi kwenye ghala la Obierika ili visipotee. Kulipopambazuka kundi la wanaume likavamia boma la Okonkwo wakiwa wamevaa kivita, wakachoma nyumba, wakabomoa kuta nyekundu, wakaua mifugo, kwa kuitakasa ardhi. Na Obierika alikuwa miongoni mwao. Mtu yule yule aliyebeba viazi usiku.

Baadaye anaketi barazani kwake akihuzunika. Anajiuliza kwa nini mtu ateseke hivyo kwa kosa asilolikusudia, na anakumbuka watoto pacha wa mkewe aliowatupa, kwa sababu ardhi ilitaka hivyo. Walikuwa na kosa gani? Hapati jibu. Achebe anasema tu kwamba alikuwa mtu wa kufikiri mambo.

Mama wa mboga hakukubali kwamba kufikiri kunatosha. "Anafikiri akiwa ameshachoma," alisema. Binti alijaribu kumtetea, kwamba Obierika hana nguvu za kuibadilisha sheria. Walibishana hadi mlinzi wa maktaba akaja kututazama. Sikuingilia. Mabishano yale yaliingia kwenye insha kama aya nzima, na ndiyo iliyoipandisha daraja kwa maoni yangu: Okonkwo anatenda asiyoyafikiri, Obierika anafikiri asiyoyatenda. Wote wawili wametii ardhi, mmoja bila kuuliza na mwingine akiuliza moyoni tu, na watoto waliokufa wamekufa kwa mikono ya wote wawili. Mhusika kinyume aliyeundwa vizuri hapewi ushindi. Ukiona insha yako imempa mmoja alama zote, rudi kwenye sura, kuna ukurasa umeuruka.

Hilo pia linaueleza vizuri mwendo wa riwaya, maana rafiki huyu habaki mahali alipoanza. Okonkwo akiwa uhamishoni Mbanta, Obierika anakuja katika mwaka wa pili na mifuko ya kauri, bei ya viazi alivyomuuzia. Okonkwo anasema hajui atamshukuruje. Obierika anatania: mwue mwanao mmoja kwa ajili yangu. Okonkwo anasema hiyo haitatosha. Basi jiue, anasema Obierika. Okonkwo anatabasamu na kuomba msamaha. Wanafunzi wakisoma kwa mara ya kwanza wanacheka. Wakirudia kusoma baada ya kumaliza riwaya, hakuna anayecheka, kwa kuwa Okonkwo ameshampoteza Nwoye kwa wamisionari na ameshajinyonga.

Ziara ya pili, baada ya miaka mingine miwili, Obierika ndiye anayeleta habari za Nwoye. Na Okonkwo anaporudi Umuofia katika sura ya ishirini akiuliza kwa nini watu wake wamepoteza nguvu ya kupigana, ni Obierika anayemweleza: mzungu aliwafuta watu wa Abame, ukoo mwingine, na hapa watu wetu wenyewe na wana wetu wamejiunga na mgeni. Mzungu ametia kisu kwenye vile vilivyotushikanisha. Binti alitaka kuandika kwamba hapa Obierika ni "mwenye kukata tamaa". Nilimwambia ajiulize swali lile lile la mwanzo: hili linatuambia nini juu ya Okonkwo? Jibu alilolipata ni kwamba Okonkwo anaona adui mmoja aliye nje, na rafikiye anaona nyufa zilizo ndani. Nyufa hizo Obierika anazijua kwa kuwa alikuwa ameshazigusa peke yake, barazani, akiwakumbuka pacha.

Jambo la mwisho tulilolijadili ni kwamba mwenza huyu anabaki hai. Katika sura ya mwisho mkuu wa wilaya anakuja kumkamata Okonkwo na anapelekwa kwenye mti alikojinyonga. Kujiua ni chukizo, watu wa ukoo hawaruhusiwi kuugusa mwili, hivyo Obierika anawaomba wageni wamshushe. Halafu, ghafla, mtu huyu ambaye riwaya nzima amesema kwa kipimo anamgeukia mkuu wa wilaya kwa hasira: mtu yule alikuwa mmoja wa watu wakubwa kabisa wa Umuofia, ninyi mmemsukuma ajiue, na sasa atazikwa kama mbwa. Sauti inamkwama.

Binti aliuliza kama kilio hicho kiingie kwenye insha, kwa kuwa Okonkwo ameshakufa na hakuna tena wa kulinganishwa. Fundi wa Kamukunji akasema kimeingia kinyume cha tulivyozoea: siku zote Obierika alikuwa akitusaidia kuona makosa ya Okonkwo, na hapa anatulazimisha tuone ukubwa wake, mbele ya mtu anayemwona kama aya moja tu katika kitabu anachopanga kuandika. Mama wa mboga alisema ni sawa, lakini hata hapo, mikono yake mwenyewe hakuinyosha kumshusha rafikiye. Binti aliandika yote mawili, la fundi kwanza, la mama likafuata, bila kuyapatanisha.